Skrinishoti moja ina "Sig." mbili, moja .006 nyingine .092. Nikatae H0 au nisikatae?

#1 Kijana wa Chimwaga

Habari wakuu. Naomba msaada, sura ya nne inanisubiri na msimamizi anaitaka wiki hii.

Utafiti wangu ni wa wakulima wa mtama wilayani Chamwino. Nimelinganisha mavuno, gunia kwa ekari, kati ya waliolima kwa matuta ya kuzuia maji (32) na waliopanda kwa kuberega, yaani bila kulima shamba kwanza (18). Matuta wastani 4.70, kuberega wastani 3.85. Data iliingizwa kwenye SPSS na jamaa wa steshenari, akanirushia skrinishoti kwa WhatsApp na yeye simpati tena. Picha imekatwa kushoto na chini, ninachoona ni mstari mmoja huu:

```
F       Sig.    t       df    Sig. (2-tailed)
8.261   .006    1.721   48    .092
```

Chumbani tumegawanyika. Mmoja anasema .006 iko chini ya .05, kataa H0, matuta yanafanya kazi. Mwingine anasema soma .092, usikatae. H0 yangu kwenye pendekezo inasema "hakuna tofauti ya wastani wa mavuno kati ya njia hizi mbili". Nifuate ipi?

#2 Bwana Uwele

Mdogo wangu usijitese. Kanuni ni moja tangu enzi: Sig ikiwa chini ya .05 unakataa. Hapo .006, ndogo kabisa. Halafu 8.261 ni kubwa kuliko 1.96. Vyote viwili vinakwambia kataa. Andika sura ya nne ulale.

#3 Hesabu za Makulu

Hapana, #2, namba hizo mbili haziongelei mavuno kabisa.

Kijana, mstari wako una vipimo viwili vilivyokaa jirani. F na Sig. ya kwanza, yaani 8.261 na .006, ni kipimo cha Levene. Kina H0 yake chenyewe, nayo si ile ya pendekezo lako. Levene anauliza kama mtawanyiko wa mavuno kwenye kundi la matuta unalingana na wa kundi la kuberega. Kwa .006 anajibu kwamba haulingani. Hapo bado hajasema neno lolote kuhusu nani amevuna zaidi.

Swali lako la wastani linajibiwa na t, df na ile Sig. (2-tailed). Na 1.96 hailinganishwi na F, inalinganishwa na t, tena kama sampuli ni kubwa. Kwa df 48 mpaka wake ni 2.011.

Kabla hujaandika chochote, tafuta picha nzima. Jedwali hilo huwa na mistari miwili na wewe umepewa wa juu tu.

#4 Nesi wa Mvumi

Dada #3 asante, leo nimeelewa kitu. Mimi kwangu Sig ilitoka .000 na profesa alikataa nisiandike hivyo. Ilikuwa ni mahudhurio ya kliniki kulinganisha na umbali, kile kipimo cha Chi-Square. Je, hiyo .000 ilikuwa na kosa?

#5 Bwana Uwele

Nesi, sifuri maana yake hakuna kabisa uwezekano wa bahati. Ni matokeo mazuri kuliko yote.

#6 Hesabu za Makulu

Si sifuri. SPSS inaonyesha desimali tatu, kwa hiyo chochote kilicho chini ya .0005 kinasomeka .000. Nesi, andika p < .001. Ukibofya jedwali mara mbili, kisha ukabofya namba yenyewe mara mbili, utaiona kamili, pengine kwa umbo kama 2.1E-5. Watu wengine hapo husoma 2.1 wakashtuka p imezidi moja. E-5 inasogeza nukta hatua tano kushoto, ni 0.000021.

Na kwa Chi-Square angalia maelezo madogo chini ya jedwali, yanasema seli ngapi zina matarajio chini ya 5. Zikiwa nyingi, ile Sig. ya juu usiiamini sana.

#7 Kijiti cha Area D

Turudi kwa kijana. Mimi natumia Stata, yenyewe haikufichi, inakupa p tatu chini ya jedwali: ya kushoto, ya pande mbili na ya kulia. Kwa t ya 1.721 na df 48 ya kulia itakuwa nusu ya .092, yaani .046. Sasa niambieni, nani Dodoma hii anategemea matuta yapunguze mavuno? Matuta yanashika maji, mvua zetu haba, mwelekeo unajulikana. Soma ya upande mmoja, .046, kataa H0 kwa amani.

#8 Mwalimu wa Ihumwa

Kijiti, hilo la kugawa kwa mbili baada ya kuona .092 ndilo linalowaudhi wasahihishaji. Upande mmoja unauchagua kwenye pendekezo, kabla data haijakusanywa. Kijana ametuandikia H0 yake: "hakuna tofauti". Hakuandika "matuta hayaongezi". Swali lake ni la pande mbili.

Matoleo mapya ya SPSS yanaweka safu mbili kabisa, `One-Sided p` na `Two-Sided p`, na ya upande mmoja inakuja kwanza kushoto. Wanafunzi wengi wanachukua inayotangulia bila kusoma kichwa cha safu. Picha ikikatwa juu ndiyo basi tena.

#9 Bwana Shamba Mvua Haba

Na mimi nimjibu Kijiti kutoka shambani. Si kweli kwamba matuta hayawezi kupunguza. Kwenye udongo wa mbuga, mfinyanzi mweusi ule, mwaka wa mvua nyingi matuta yaliyofungwa yanatuamisha maji, mtama unageuka njano na mizizi inaoza. Nimeona mkulima anayapasua matuta yake kwa jembe mwezi Februari ili maji yatoke. Kwa hiyo mwelekeo haujulikani kama unavyodhani. Pande mbili ni sahihi.

#10 Kijiti cha Area D

Bwana shamba, mbuga ni mbuga. Kijana hajatuambia udongo wake. Ingekuwa kichanga chekundu, je?

#11 Mzee wa Kibaigwa

Vijana salaam. Mnazungumza gunia 4.70, gunia la kilo ngapi? Hapa sokoni mtama ukiingia tunauliza hilo kwanza. Na bei mnaitoa wapi?

#12 Kijana wa Chimwaga

Shikamoo mzee. Si bei, ni mavuno kwa ekari. Niliwauliza wakulima "ulivuna gunia ngapi" nikaandika.

Wakuu, jamaa wa steshenari kapatikana! Kanitumia picha nzima. Naiandika hapa kama ilivyo:

```
                               F      Sig.    t      df      Sig. (2-tailed)
Equal variances assumed       8.261   .006   1.721   48       .092
Equal variances not assumed                  2.035   47.736   .047
```

Na jedwali la juu: matuta N 32, Mean 4.70, Std. Deviation 1.95. Kuberega N 18, Mean 3.85, Std. Deviation 1.00.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Zimekuwa Sig tatu. Mstari wa chini unasema .047!

#13 Hesabu za Makulu

Ndiyo maana nilikwambia utafute picha nzima. Sasa inasomeka.

Anza na Levene, mstari wa juu, .006. Iko chini ya .05, kwa hiyo dai kwamba mitawanyiko inalingana limekataliwa. Linganisha na macho yako: 1.95 kwa 1.00, moja ni karibu mara mbili ya nyingine. Levene hajakudanganya.

Kwa kuwa mitawanyiko hailingani, mstari wa juu unaoitwa `Equal variances assumed` umesimama juu ya dai lililoanguka. Unashuka wa chini, `Equal variances not assumed`. Hapo t ni 2.035, df 47.736, Sig. (2-tailed) .047. Hiyo ndiyo p ya swali lako. Kwa alfa ya .05, H0 inakataliwa, ila kwa unywele.

Kuna alama ya kukusaidia siku nyingine picha ikikatwa kushoto. Mstari wa juu huwa una F na Sig. yake, na df ni namba kamili, watu wote toa mbili: 32 + 18 - 2 = 48. Mstari wa chini upande wa F huwa mtupu, na df karibu kila mara ina desimali. Ukiona df 48 kavu, jua umeshika mstari wa juu.

#14 Bwana Uwele

Sasa si nilisema kataa? Tumefika palepale.

#15 Mwalimu wa Ihumwa

Umefika palepale kwa barabara isiyo yake, ndugu yangu. Chukulia Levene ingekuwa .006 na mistari yote miwili ya t iwe .40. Kwa njia yako kijana angeandika matuta yanaongeza mavuno, wakati jedwali halisemi hivyo.

#16 Mhandisi wa Zuzu

Mimi kuna kitu hakiniingii. Data ni ileile, wastani uleule, tofauti ileile ya 0.85. Inakuwaje mstari mmoja useme .092 na mwingine .047? Mmoja wao si lazima awe amekosea hesabu?

#17 Hesabu za Makulu

Hesabu zote mbili ni sahihi, kinachotofautiana ni kigawanyo. t ni tofauti ya wastani ukiigawa kwa kosa sanifu, na kosa sanifu linapigwa kwa njia mbili.

Mstari wa juu unachanganya mitawanyiko ya makundi yote mawili kwenye chungu kimoja, na kundi lenye watu wengi linachangia zaidi. Hapa wengi ni wa matuta, na ndio waliotawanyika. Kwa hiyo chungu chote kinaonekana kina fujo, hata wale 18 wa kuberega wanahesabiwa kama wametawanyika sana wakati wametulia. Kosa sanifu linatoka 0.494, na 0.85 ukigawa kwa hilo unapata 1.721.

Mstari wa chini unamwachia kila mmoja mtawanyiko wake. 1.95 mraba gawa kwa 32, ongeza 1.00 mraba gawa kwa 18, chukua kipeo cha pili. Inatoka 0.418. Gawa 0.85 kwa hiyo, 2.035.

Sasa angalia hatari iliyopo. Badilisha mitawanyiko tu, wale 18 wawe na 1.95 na wale 32 wawe na 1.00, mengine yote yabaki. Mstari wa juu unakuja na t ya 2.04, p chini ya .05. Wa chini unakuja na t ya 1.73, df inaporomoka hadi 22 hivi, na p inakaribia .10. Yaani kundi dogo likiwa ndilo lenye fujo, mstari wa juu unakupa ushindi wa bure. Kundi kubwa likiwa na fujo, kama kwa kijana, mstari wa juu unakunyima.

#18 Mhandisi wa Zuzu

Nimepiga kwa kikokotoo, imetoka hivyohivyo. 0.418. Sasa imeniingia. Asante dada.

#19 Mwalimu wa Ihumwa

Nakubaliana na #17 yote, lakini #13 nina ugomvi nayo. Kwa nini tupite kwa Levene kabisa? Ukipima kwanza mtawanyiko, halafu matokeo hayo ndiyo yakuchagulie mstari, umefanya vipimo viwili kwa mfululizo na alfa yako si .05 tena kama unavyodhani. Tena Levene kwenye sampuli ndogo anashindwa kuona tofauti iliyopo, na kwenye sampuli kubwa anapiga kelele kwa tofauti isiyo na madhara. Mimi nasoma mstari wa chini siku zote. Mitawanyiko ikilingana, mistari yote miwili inakuja karibu sawa, hupotezi kitu.

R ndivyo inavyofanya, haikuulizi Levene:

```
t.test(gunia ~ njia, data = shamba)
```

Hiyo peke yake inakupa Welch, yaani huo mstari wa chini. Ukitaka wa juu mpaka uandike mwenyewe `var.equal = TRUE`.

#20 Hesabu za Makulu

Mwalimu, hoja yako naijua na kwa kazi zangu nafanya kama wewe. Lakini huyu ni mwanafunzi wa SPSS, na msimamizi atamuuliza "Levene ilisemaje?" Akijibu "sikuitazama" tutakuwa tumemponza.

#21 Mwalimu wa Ihumwa

Basi aandike zote, ila aseme alikusudia kutumia Welch tangu mwanzo.

#22 Hesabu za Makulu

Hakukusudia, jamani. Alikuwa hajui kama upo.

#23 Kijana wa Chimwaga

Nimeijaribu R ya mwalimu kwa kompyuta ya rafiki. p imetoka 0.047 sawa, lakini t imekuja -2.0355. Hasi! Ina maana matuta yamepunguza?

#24 Mwalimu wa Ihumwa

Hapana. R inapanga makundi kwa alfabeti: kuberega, k, inatangulia matuta, m. Imechukua 3.85 kutoa 4.70. SPSS yako ilipewa matuta kama kundi la 1, ikatoa kinyume. Alama inakuambia nani katolewa kwa nani, basi. Kwa kipimo cha pande mbili p haibadiliki. Kabla ya kuandika sentensi yako, rudi kwenye wastani wa makundi uone nani yuko juu.

#25 Bwana Shamba Mvua Haba

Wataalamu wa namba mmemaliza? Sasa niulize la shambani. Kijana, hao 32 wa matuta walipangiwa au walijichagulia?

#26 Kijana wa Chimwaga

Niliwakuta wanalima hivyo, mkuu. Wengi wako kwenye vikundi vya wakulima.

#27 Bwana Shamba Mvua Haba

Hapo ndipo penye shaka yangu. Walio kwenye vikundi mara nyingi ndio wanaopata mbegu bora, Macia na kadhalika, na ndio bwana shamba anaowatembelea. Anayeberega mara nyingi amechelewa, hana ng'ombe wa kukokota plau, anafyeka, anachoma, anatupia mbegu mvua ya kwanza. Ile .047 inaweza kuwa inaona mbegu, si tuta. Uliuliza mbegu?

#28 Kijana wa Chimwaga

Niliuliza, ipo kwenye dodoso. Sijaichambua.

#29 Kijiti cha Area D

Mnampeleka mbali. Kaulizwa kukataa au kutokukataa. Anakataa. Hayo ya mbegu aandike kwenye mapungufu ya utafiti.

#30 Bwana Shamba Mvua Haba

Kijiti, akiandika "matuta yaongezwe Chamwino" kwa ushahidi wa mbegu, mimi ndiye nitakayepelekewa agizo la kuyachimba.

#31 Mzee wa Kibaigwa

Nimesoma yote, namba zingine zimenipita, lakini swali langu la gunia halikujibiwa. Kijana umesema uliwauliza "gunia ngapi". Mkulima mmoja gunia lake ni la kilo mia lililoshonwa mdomo, mwingine ni lumbesa, amelijaza akalivisha kofia juu, linafika kilo mia na ishirini na zaidi. Wote watakwambia "gunia tano". Mizani ya hapa inawaumbua kila siku. Sasa wewe unasema hawa wa matuta wametawanyika zaidi. Wametawanyika mavuno au wametawanyika magunia?

#32 Hesabu za Makulu

Mzee wangu, swali lako ni zito kuliko ugomvi wetu wa Levene. Kipimo cha t hakijui lumbesa, kinapokea 5 kama 5. Kama lumbesa ziko pande zote mbili sawa, fujo inaongezeka na tofauti inakuwa ngumu kuonekana. Kama ziko zaidi upande mmoja, wastani wenyewe umepinda na hakuna mstari wa jedwali utakaounyoosha.

Kijana, hebu tazama pia sehemu ya kulia ya jedwali lako, `95% Confidence Interval of the Difference`. Inasemaje?

#33 Kijana wa Chimwaga

Mstari wa juu: Lower -.143, Upper 1.843. Wa chini: Lower .010, Upper 1.690.

#34 Hesabu za Makulu

Sasa soma hiyo kwa lugha ya mzee wa Kibaigwa. Mstari wa juu unapita sifuri, kwa hiyo unakubaliana na .092. Wa chini hauigusi sifuri, unakubaliana na .047. Lakini 0.010 ya gunia la kilo mia ni kilo moja. Data yako inasema faida ya matuta inaweza kuwa kilo moja kwa ekari, au kilo 169, au popote hapo katikati. Kuchimba matuta ekari nzima kwa jembe la mkono kwa ajili ya kilo moja hakuna atakayekubali. Kwa kilo 169 watu watapigana.

Kwa hiyo H0 imekataliwa, lakini usiandike "matuta yanaongeza mavuno kwa kiasi kikubwa". Neno hilo wanafunzi wanalipachika kwa sababu p iko chini ya .05. p haijapima ukubwa wa chochote.

#35 Bwana Uwele

Dada Makulu, na kama angebaki na .092, angesema nini? Kwamba matuta na kuberega ni sawa?

#36 Hesabu za Makulu

Hapana, na umeuliza vizuri. Hata huo mstari wa juu unaruhusu faida ya hadi gunia 1.843. Angeandika tu kwamba data haikutosha kukataa H0. Kusema "ni sawa" ni dai jingine ambalo hakulipima.

#37 Nesi wa Mvumi

Kule kwetu tuliambiwa tuangalie kwanza mchoro wa kisanduku kabla ya kipimo chochote. Kijana uliuchora? 1.95 kwa wastani wa 4.70 inaonekana kuna mtu yuko mbali peke yake.

#38 Kijana wa Chimwaga

Nimeuchora sasa hivi kwa `Explore`. Upande wa matuta kuna kanyota kamoja juu kabisa. Ni mkulima wa gunia 11 kwa ekari moja. Anayemfuata yuko mbali chini yake.

Nikajaribu kumtoa. Wastani wa matuta umeshuka 4.50, Std. Deviation 1.60. Mstari wa chini sasa: t 1.739, Sig. (2-tailed) .089.

#39 Kijiti cha Area D

Duh. Mtu mmoja.

#40 Mwalimu wa Ihumwa

Huwezi kumtoa kwa sababu hukumpenda. Ukimtoa kwa kuwa anaharibu, ni sawa na kumbakiza kwa kuwa anakupa .047. Sababu lazima itoke shambani, si kwenye Sig. Aliandikwa vibaya? Ekari yake ni moja kweli?

#41 Mzee wa Kibaigwa

Gunia kumi na moja za mtama ekari moja Chamwino? Huyo ama ana shamba kandokando ya mto, ama ekari yake aliipima kwa macho. Muulize.

#42 Bwana Shamba Mvua Haba

Inawezekana, mzee. Macia kwenye ardhi ya bondeni yenye samadi ya kutosha, mwaka mzuri, gunia kumi zinafika. Nimeshuhudia Hombolo. Lakini hao ni wachache, na si kwa sababu ya tuta peke yake.

#43 Bwana Uwele

Mimi naona abaki. Ni mkulima halali, kavuna jasho lake. Kwa nini afutwe kwenye kompyuta?

#44 Nesi wa Mvumi

Si kuna kile kipimo kisichotumia wastani, kinachopanga watu kwa nafasi zao? Mann-Whitney. Hapo wa gunia 11 anakuwa wa kwanza tu, hata angevuna 30.

#45 Hesabu za Makulu

Kipo, kwenye `Nonparametric Tests`, na mtu mmoja hawezi kukiyumbisha hivyo. Lakini Nesi, mitawanyiko ikitofautiana kama hapa, kipimo hicho hakijibu tena swali la wastani, kinajibu kama mkulima wa matuta ukimwokota ovyo ana nafasi kubwa ya kumzidi wa kuberega. Swali zuri pia, ila si lile la pendekezo lake. Na asikikimbilie ili kutafuta Sig. inayompendeza.

#46 Mwalimu wa Ihumwa

Mimi ningeripoti matokeo yote mawili, naye na bila yeye, na kusema wazi uamuzi unategemea mtu mmoja.

#47 Kijiti cha Area D

Msimamizi anataka jibu moja. Kataa au usikatae. Sura ya tano inaandikwaje kwa majibu mawili?

#48 Hesabu za Makulu

Jibu la data yake nzima, bila kumtoa mtu, ni moja: t(47.74) = 2.035, p = .047, H0 inakataliwa kwa .05, tofauti gunia 0.85, kati ya 0.01 na 1.69. Chini yake aya moja ya mkulima wa 11, na .089 yake. Kuficha hiyo aya ndiko kutakakomletea shida kwenye utetezi, maana msahihishaji akiona 1.95 ataiuliza.

#49 Mwalimu wa Ihumwa

Kwa hilo niko nawe. La Levene bado sijakubali.

#50 Kijana wa Chimwaga

Asanteni sana wote. Nimempigia simu mkulima wa gunia 11. Anasema shamba ni ekari moja "na kipande", na kipande hicho hajawahi kukipima. Magunia yalikuwa lumbesa, aliyauza hivyohivyo barabarani. Jumamosi napanda gari la Chamwino na futi kamba, nikapime. Kuna yeyote mwenye mizani ya kuning'iniza niazime?

#51 Mzee wa Kibaigwa

Ninayo ya kilo mia mbili. Pitia dukani Ijumaa kabla ya saa kumi. Na hao wengine 49 utawauliza lini kuhusu magunia yao?